Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Simba: shuka ziwani ujionee mwenyewe

Kwako Mheshimiwa Simba, Mfalme wa wanyama wa Ziwa Nakuru, kupitia kwa katibu wako Fisi, ambaye najua ataisoma kwanza.

Salamu za heshima. Mimi ni Ngiri. Jana mchango umepandishwa tena, nami sina tena cha kutoa.

Tulikubaliana vizuri, Mheshimiwa. Wewe uache kuwinda, sisi tukuletee mnyama mmoja kila siku hapo chini ya mgunga. Uache kuwinda! Wake zako wanajua nani hukimbiza swara na nani huwahi kula. Zamu ikamfikia Sungura. Alikuja jua la utosi, amejipaka vumbi, simu mkononi, akasema amezuiwa njiani na simba mwingine anayedai ufalme huu ni wake. Ukataka ushahidi. Akakuelekezea simu, kamera imegeuzwa upande wako. Ukanguruma, yule naye akapanua mdomo. Ukatikisa shungi, naye akatikisa. Nilikuwa nyuma ya kichaka cha leleshwa, nikakusikia kwa masikio yangu: "Huyu jeuri, hata meno ananiiga!"

Babu yako wa kwenye hadithi aliambiwa maneno hayo hayo. Lakini yeye aliinuka, akaenda mpaka kisimani, akachungulia, akamrukia adui yake, na wanyama wakapumzika. Wewe ulipiga miayo. Ukasema jua ni kali, tena vita vinataka bajeti, ukamteua Sungura mwenyekiti wa Kamati ya Kumsaka Adui. Tangu hapo haletwi mnyama. Kila Ijumaa tunatuma pesa kwa namba ya simu ya Sungura, nawe, nasikia, unatumiwa picha za nyama choma na ujumbe kwamba iko njiani. Mbavu zako zinahesabika, Mheshimiwa, ila nani atakuambia?

Mwenzako ziwa limenihamisha. Maji yale yaliyomeza hata lango kuu la zamani yameingia kwenye shimo langu, lile alilolichimba muhanga. Sisi ngiri huingia kinyumenyume ili meno yatazame mlangoni; sasa nikirudi nyuma nakalia maji ya magadi. Uliahidi kutuhamishia juu kwenye miamba ya nyani. Pesa za kuhama zimekwenda kwa adui. Sungura naye ana pikipiki mpya, labda ni ya shemeji yake, mimi sijui.

Sidai kurudishiwa changu. Hata Sungura sisemi afungwe, ingawa ungemuuliza risiti. Naomba ushuke ziwani. Nenda alfajiri, maji yakiwa yametulia, uchungulie. Ukichoka njiani, Nyati amekubali kukusukuma. Ukimwona adui na ukaamua kumrukia, hakuna atakayekuzuia, hilo nakuhakikishia.

Ila usimtume Sungura akuangalilie. Shuka mwenyewe, tafadhali, na iwe kabla ya Ijumaa.

Wako mtiifu,
Ngiri