Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tulioacha Leja za Karatasi

Ndugu wanachama,

Mikopo na mikutano ya mwaka huu ataieleza mweka hazina. Mimi naomba nizungumzie kuhama kwetu kutoka leja kwenda kompyuta, kwa sababu akiba ya kila mmoja wetu imepita humo.

Tulijaribu kwanza programu ya hesabu ya GnuCash, maana ni ya bure na haihitaji intaneti. Tuliiacha kwa sababu moja: haimpi kila mtumiaji nywila yake, na aliyefungua faili anaweza kurekebisha muamala wa zamani. Fedha za watu haziwezi kukaa hivyo. Tukachukua programu ya kulipia, inayoufunga mwezi uliokwisha na inayoturuhusu kutoa hesabu zote siku tukitaka kuihama.

Kazi kubwa ilikuwa salio anzia. Tulifunga leja tarehe 31 Desemba, tukakubaliana muamala wowote wa mwaka mpya usiingizwe kabla ya urari, yaani jumla za pande mbili za hesabu, kulingana. Kila salio liliingizwa dhidi ya akaunti ya muda: benki, taslimu na mikopo upande mmoja, akiba, hisa na ziada iliyolimbikizwa upande wa pili. Ukimaliza, akaunti hiyo ya muda lazima isome sifuri.

Yetu ilisoma 27,000. Baadhi ya wajumbe walishauri tuandike "marekebisho" tusonge mbele. Nilikataa, kwa kuwa pesa hiyo ina mwenyewe. Mweka hazina akagundua kuwa 27,000 inagawanyika kwa 9, dalili ya tarakimu mbili kubadilishana nafasi. Tukaketi na kadi za akiba, mmoja anasoma, mwingine anatia tiki. Kadi ya mama mmoja ilikuwa na 163,000. Kwenye kompyuta tuliandika 136,000. Jioni hiyo urari ukalingana.

Benki nayo nusura itupoteze. Taarifa yake ya 31 Desemba ilizidi leja yetu kwa 450,000, kwa sababu fundi wa paa alikuwa bado hajapeleka hundi tuliyomwandikia tarehe 28. Tuliingiza salio la leja, na hundi tukaiorodhesha kama haijalipwa. Tungeingiza la benki, chama kingeonekana kina fedha ambayo tayari ni ya fundi.

Miezi mitatu tuliandika kote kuwili, daftarini na kwenye kompyuta, tukilinganisha kila mwisho wa mwezi.

Lakini kuna kosa ambalo urari hauwezi kulionyesha: akiba yako ikiingizwa kwa jina la mwenzako, jumla haibadiliki hata senti. Ndiyo maana kila mwanachama alipewa karatasi ya salio lake ailinganishe na kitabu chake, kisha asaini. Wanachama 11 bado hawajasaini. Nawaomba sana waje ofisini na vitabu vyao kabla mkaguzi hajafika. Leja za zamani ziko kabatini, na katibu atawafungulia.