Simu ya nyanyako imesogea

Mwanangu, asalaam aleikum. Huku Kibokoni sote wazima alhamdulillah, ila kuna jambo kuhusu ile simu ya dawa uliyomtegea nyanyako, inayojipigia yenyewe kila asubuhi na sauti yako uliyoirekodi.

Jana tarehe 20 nilihesabu vidonge vyake vya presha. Pakti ni ya 30, tuliifungua tarehe moja, kimoja kila asubuhi, kwa hivyo vilitakiwa vibaki 10. Nikavimwaga kwenye sahani nikahesabu mara mbili, 15! Na wewe juzi umeniambia kwenye kompyuta yako inaonyesha kila siku amebonyeza moja.

Nikakaa naye taratibu, sikumgombeza. Kumbe Jumanne na Ijumaa ndo siku zake za kwenda Marikiti, na simu inamkuta huko, kikapu mkono mmoja na kabambe mkono mwengine, anasikia sauti yako "shikamoo nyanya, ukishameza bonyeza moja", anabonyeza asije akakuudhi, akijua atameza akirudi. Akirudi ni samaki wa kuparua na nazi ya kukuna, kidonge kishasahaulika. Hesabu mwenyewe, tangu tarehe moja Jumanne tatu na Ijumaa mbili, ndo hivyo vitano.

Lakini mbona zamani haikuwa hivi? Mwanzoni simu ilikuwa inaingia saa mbili, bado yuko mkekani na chai yake na mahamri, dawa iko hapo kando. Sasa inaingia saa tatu. Nimefikiria sana usiku, ni saa zenu huko London, si mlizirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sisi huku saa zetu hazibadiliki mwaka mzima. Nadhani uliitega saa kumi na mbili asubuhi ya kwenu, wakati ule kwetu ilikuwa saa mbili, sasa ni saa tatu. Tafadhali ingia ubadilishe saa za eneo uweke Africa/Nairobi halafu 08:00, usiiache kwa saa za huko maana Machi itahama tena.

Na ile sauti, acha sekunde mbili tatu kimya kabla ya kuanza, simu ikifika sikioni ushamaliza shikamoo. Halafu umwambie kama hayuko nyumbani asibonyeze kitu, akate tu, si ulisema asipobonyeza inapiga tena baada ya nusu saa? Mimi nitakuwa nahesabu vidonge kila Ijumaa jioni, maana kubonyeza si kumeza. Nimemwambia pia asije akameza viwili kufidia vilivyompita, na kesho nampeleka kliniki wampime.

Jengine, anakujibu kila siku mwanangu. Marahaba babangu, umekula? Anangoja kidogo, laini inakatika. Ameniuliza mbona hujibu kama umekula, nami sikuwa na la kumwambia. Mpigie leo mwenyewe, baada ya isha yuko macho.

Mamako