Chokaa haiondoi oksijeni kwenye chuma

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa masomo wa juma lililopita iliandikwa kwamba ndani ya tanuri la chuma mawe ya chokaa "huondoa oksijeni kwenye madini". Mjukuu wangu aliye sekondari alikata kipande hicho akakibandika daftarini. Mimi nimesomesha kemia hapa Lamu miaka mingi, na siwezi kukiacha kikae humo bila neno.

Inayoondoa oksijeni ni gesi ya kaboni monoksidi. Mawe ya chuma aina ya hematiti, Fe2O3, ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Hutiliwa juu ya tanuri pamoja na makaa ya koki na mawe ya chokaa, huku chini ikipulizwa hewa iliyokwisha kupashwa moto kupita nyuzi 1000. Hewa inapoingia, koki huwaka kwa ukali na joto hukaribia nyuzi 2000. Hapo huzaliwa kaboni dioksidi, lakini haifiki mbali: ikipanda hukutana na koki nyingine nyekundu, na oksijeni yake hugawanywa.

CO2 + C → 2CO

Ni gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani, madirisha yamefungwa. Ina njaa ya oksijeni. Ndani ya tanuri huipata kwenye mawe ya chuma:

Fe2O3 + 3CO → 2Fe + 3CO2

Wanafunzi huniuliza kwa nini koki yenyewe isifanye kazi hiyo. Huko chini kwenye joto kali hufanya sehemu yake. Lakini jiwe na kaa hugusana kwenye ncha chache tu, ilhali gesi hupenya kila kitundu cha jiwe na kulila kutoka ndani. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika juu, kabla chuma hakijayeyuka.

Sasa chokaa. Aliyekulia Lamu ameshaijua nusu ya habari hii. Nilipokuwa mdogo, wachoma chokaa walikuwa wakipanga magogo kwa mviringo, mawe ya matumbawe wakayaweka juu, wakatia moto. Asubuhi ukiinua jiwe lililoiva ulishangaa wepesi wake, kwani karibu nusu ya uzito imekwenda hewani kama kaboni dioksidi: CaCO3 → CaO + CO2. Jambo hilo hilo hutokea ndani ya tanuri la chuma. Tofauti ni kwamba kule chokaa hai haipelekwi kujenga ukuta, hukamatana na mchanga.

Kwani mawe ya chuma huja na mchanga, yaani silika, ambayo peke yake haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 1700. Ikiachwa hivyo itaganda na kuziba tanuri. Ikichanganyika na chokaa hupata mchanganyiko unaoyeyuka kwenye joto la chini zaidi, CaO + SiO2 → CaSiO3, na huu ndio mavi ya chuma. Ni mepesi kuliko chuma, kwa hiyo huelea juu yake, na kila kimoja hutolewa kwa tundu lake. Chokaa pia hukamata sehemu ya salfa iliyoletwa na koki, ambayo ingekifanya chuma kivunjike kikifuliwa kingali moto.

Chukueni kilo 1000 za mawe yenye hematiti 900 na silika 100. Chuma kilichomo ni kilo 630. Silika ile inahitaji kilo 93 za chokaa hai, yaani mawe ya chokaa kilo 167, na mavi yatakayotoka ni kilo 193. Mlio na kalamu hakikisheni. Tanurini huongezwa chokaa zaidi kidogo, kwa kuwa majivu ya koki nayo yana silika. Katika hesabu hiyo yote, hakuna hata gramu moja ya oksijeni ya chuma iliyobebwa na chokaa.

Mafundi hukagua mavi kwa macho. Wakichovya fimbo ya chuma na kuiinua, mavi yakavutika nyuzi ndefu kama asali, na yakipoa yakang'aa kama kioo, silika imezidi chokaa. Yakidondoka matone mafupi na kupoa yakawa kama jiwe, chokaa imetosha. Lakini chokaa ikipita kiasi mavi huwa magumu kuyeyuka, na koki huteketea bure kuyapasha moto.

Naomba ukurasa ujao urekebishe sentensi ile moja, kwa herufi zile zile kubwa mlizoitumia mara ya kwanza, ili mjukuu wangu na wenzake wapate cha kubandika juu yake.

Mwalimu mstaafu,
Lamu