Kwa nini tulikataa kupunguza kodi ya nyumba namba 7

Mwaka huu mpangaji wetu wa nyumba namba 7 alituandikia barua akiomba kodi yake ishuke kwa asilimia 15. Anaishi pale mwaka wa tatu sasa, hajawahi kugombana na jirani, na nyumba anaitunza kana kwamba ni yake. Tulimkatalia. Kwa ruhusa yake tunaeleza hapa tulivyofikia jibu hilo, maana wapangaji wengine wametuuliza swali lilelile, na baadhi wanadhani hapa ofisini barua za namna hiyo zinatupwa bila kusomwa.

Sababu yake ya kwanza ilikuwa jengo la jirani. Nyumba yenye vyumba kama vyake inapangishwa pale kwa bei iliyo chini. Hatukubisha, tulikwenda kuuliza. Ni kweli: kama yeye anatulipa 100, kule wanalipa 88. Lakini ile 88 ni ya kuta na paa tu. Maji yanalipiwa kando, na kwa familia ya watu wanne kama yake yanafika kama 8. Mlinzi na takataka ni 5 nyingine. Ukijumlisha unapata 101. Kwetu vyote hivyo vimo ndani ya kodi. Kwa hiyo, kabla hujalinganisha bei mbili za nyumba, uliza kwanza kila moja imebeba nini, kwa sababu tangazo la kupangisha huwa halisemi.

Sababu ya pili ilikuwa ngumu kuijibu. Alisema: "Mimi ni mpangaji mzuri. Nikihama mtapata hasara kuliko hicho ninachoomba." Ana haki ya kusema hivyo, na mwenye nyumba asiyepiga hesabu hiyo hajui kazi yake. Tuliipiga. Asilimia 15 kwa miezi 12 ni sawa na kodi ya mwezi mmoja na siku 24. Akihama, tukakaa mwezi mmoja bila mtu, tukapaka rangi na kubadilisha vitasa, tunapoteza kodi ya kama mwezi mmoja na nusu. Hasara hiyo inatupata mara moja. Punguzo linatupata kila mwaka, na kodi ikishashuka ni vigumu kuipandisha bila kuonekana umemgeuka mtu. Hata hivyo hesabu hii ina mpaka wake. Nyumba ikikaa tupu miezi mitatu, yeye ndiye atakayekuwa amesema kweli na sisi tumekosea. Tulikataa kwa sababu nyumba mbili zilizoachwa wazi katika jengo analoishi mwaka uliopita zilipata watu ndani ya wiki tano. Zingekuwa bado zinasubiri mtu, barua yetu ingekuwa nyingine.

Kisha tukamwonyesha kodi yake inakokwenda. Wenye nyumba wengi hawapendi kufanya hivi, wanaona ni kujivua nguo. Sisi tunaona mtu aliyeambiwa "gharama zimepanda" bila kuonyeshwa ni gharama gani hana sababu ya kuamini. Katika kila 100 anayolipa, 52 ni marejesho ya mkopo uliojenga jengo, na benki haiulizi kama mpangaji amepunguziwa. Kodi ya majengo tunayolipa serikalini na bima huchukua 9. Msimamizi, mlinzi, maji, usafi na taa za ngazi ni 12. Tunaweka 10 kwa ajili ya matengenezo na 8 kwa ajili ya mwezi ambao nyumba itakaa bila mtu. Inabaki 9, kabla ya kodi ya mapato. Tukitoa 15 tunaingia ndani kwa 6, na mahali pekee pa kuziba pengo hilo ni kwenye ile 10 ya matengenezo. Tumewahi kufanya hivyo katika jengo jingine, miaka ya nyuma. Paa lilianza kuvuja, fundi akaahirishwa mara mbili, na dari ya ghorofa ya juu ikaanguka. Wapangaji walewale waliofurahia punguzo ndio waliohama.

Tulipokutana kuzungumza, ndipo jambo lenyewe likajitokeza, na halikuwamo kwenye barua. Kodi yetu inadaiwa tarehe 1. Mwajiri wake alikuwa amebadilisha utaratibu, mshahara ukawa unaingia tarehe 10. Katika miezi sita alikuwa amelipa faini ya kuchelewa mara nne, kila mara asilimia 5. Kilichomchosha hakikuwa kodi yenyewe. Ilikuwa aibu ya kukumbushwa kila mwezi, na faini juu yake. Kwa kweli sisi tulipaswa kuliona hili kabla yake, kwa kuwa mtu aliyelipa kwa wakati miaka miwili halafu akaanza kuchelewa kwa siku zilezile kila mwezi hana uzembe, ana tarehe mbaya.

Basi tukaisogeza tarehe yake ya malipo hadi 12. Hapa kuna kikwazo kidogo ambacho ni vizuri ukijue kabla hujaomba: zile siku 11 za katikati lazima zilipwe, na hizo ni kama 37 katika 100 ya kodi ya mwezi. Kuzidai kwa mkupuo kungekuwa kumkamua. Tulizigawa kwa miezi sita, kidogo zaidi ya 6 kila mwezi, karibu sawa na faini aliyokuwa akilipa, ila hii ina mwisho. Tulimwahidi pia kwa maandishi kwamba kodi haitapanda kwa miezi 12. Na fundi bomba akaenda kurekebisha tangi la choo ambalo alitaja kwa kupitia tu, kwamba lilikuwa linatiririka usiku kucha. Maji yale tulikuwa tunayalipa sisi, kwa hiyo hapo hatukumfanyia hisani.

Barua yetu ya jibu ilitoka siku ya nne, baada ya mazungumzo. Sehemu yake ya kwanza ilisema hivi: "Ndugu mpangaji, tumeshukuru kwa barua yako. Hatutaweza kupunguza kodi katika mkataba huu, na hapa chini tunaeleza kwa nini. Kuomba kwako hakubadilishi chochote katika namna tunavyokuhesabu." Tuliweka "hatutaweza" juu kabisa kwa makusudi. Mtu anayesubiri jibu la kodi hasomi shukrani. Macho yake yanatafuta neno moja, na ukilificha chini ya maneno matamu anaona umemchezea. Hatukuandika "ukishindwa unaweza kuhama", na hatukumsingizia mwenye mali kana kwamba sisi ni wajumbe tu. Uamuzi ulikuwa wetu.

Kuna maombi tunayoyakubali. Sehemu ya nyumba isipotumika kwa kosa letu, kwa mfano jiko likifungwa kwa sababu ya bomba lililopasuka ukutani, kodi ya siku hizo inapungua na huhitaji kubembeleza. Ukitaka kuhamia nyumba ndogo zaidi katika majengo yetu, amana yako inahama nawe bila faini ya kuvunja mkataba. Na ukipata nyumba ya bei nafuu ambayo maji, mlinzi na takataka vimo ndani, tuletee tangazo lake, tutakwenda kuuliza kama tulivyofanya kwa namba 7.

Yeye alisaini mkataba mpya. Bado anasema sisi ni ghali, na hulisema kila tarehe 12 anapokuja kuchukua risiti.