Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi: mifuko miwili, na shilingi milioni 400 za wanachama

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi,
Chama chetu cha Akiba na Mikopo,
Moshi.

Salaam za ushirika.

Nimesoma makabrasha ya mkutano mkuu, na nimekaa zaidi kwenye kurasa mbili za pendekezo la uwekezaji. Bodi inaomba ridhaa ya kuhamisha shilingi milioni 400, fedha zilizokuwa kwenye dhamana za serikali za siku 364, kwenda kwenye mfuko mmoja wa uwekezaji wa pamoja. Mifuko iliyoshindanishwa ni miwili. Wa kwanza una hisa na hatifungani, wa pili una hatifungani peke yake. Kamati imeupendekeza wa pili kwa hoja mbili: uwiano wake wa Sharpe ni mkubwa, na thamani iliyo hatarini, ile iliyoandikwa VaR kwenye jedwali, ni ndogo. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye idara ya hazina ya benki, na vipimo hivi viwili nilikuwa navyo kila asubuhi. Ndiyo maana nakuandikia hadharani kabla kura haijapigwa.

Takwimu zenu ni hizi. Kwa miaka mitatu mfuko wa kwanza ulileta faida ya wastani wa asilimia 16 kwa mwaka, na mkengeuko sanifu wa asilimia 9. Wa pili ulileta asilimia 11, na mkengeuko wa asilimia 3. Kwa mwanachama ambaye hesabu hizi si za kila siku kwake: mkengeuko sanifu unaonyesha faida inapanda na kushuka kiasi gani kuzunguka wastani wake. William Sharpe alipotoa kipimo chake mwaka 1966, alitaka kujua mwekezaji analipwa kiasi gani kwa kila pointi ya huko kupanda na kushuka.

```
Sharpe = (faida ya mfuko - faida isiyo na hatari) / mkengeuko sanifu
```

Kamati imeweka asilimia 5 mahali pa faida isiyo na hatari, na ikapata 1.22 kwa mfuko wa kwanza na 2.00 kwa wa pili. Kugawanya kumefanywa sawasawa. Ninachouliza ni hiyo 5 imetoka wapi. Tanbihi inasema ni riba tunayowalipa wanachama kwenye amana zao. Lakini hiyo ni gharama yetu sisi ya kupata fedha. Sharpe anauliza jambo jingine: fedha hizi zingepata nini bila kujiweka kwenye hatari, kwa kipindi hichohicho? Jibu liko kwenye mahesabu ya chama chenyewe. Dhamana zilizoiva zilitulipa asilimia 9.

Weka 9 badala ya 5. Mfuko wa kwanza: 16 toa 9 ni 7, gawanya kwa 9, unapata 0.78. Wa pili: 11 toa 9 ni 2, gawanya kwa 3, unapata 0.67. Aliyeongoza sasa yuko nyuma. Mpaka wa kugeuka ni asilimia 8.5, chini yake mfuko wa pili unashinda, juu yake unashindwa. Sababu ni nyepesi. Kila pointi unayoipandisha kwenye faida isiyo na hatari inakata pointi moja ya ziada kwa kila mfuko, lakini kwa mfuko wa pili pointi hiyo inagawanywa kwa 3, na kwa wa kwanza inagawanywa kwa 9. Mfuko wenye mkengeuko mdogo ndio unaoumia zaidi kiwango hicho kikipanda, na ndio unaopendelewa zaidi kikiwekwa chini kuliko ukweli.

Sisemi kwa hiyo tukimbilie mfuko wa kwanza. Miezi 36 ni kipindi kifupi mno kwa kipimo hiki. Ukikadiria kosa la sampuli kwa uwiano wa 0.78 uliotokana na miezi 36, unapata takriban 0.58 juu au chini. Tofauti ya 0.11 kati ya mifuko miwili inamezwa humo na isionekane. Mtu akija kwenye mkutano na kusema mfuko huu ni bora kuliko ule kwa sababu ya 0.11, hana hoja, hata kama mtu huyo ni mimi.

Nije kwenye VaR, ambayo ilienea kwenye mabenki baada ya J.P. Morgan kuutoa hadharani mfumo wake wa RiskMetrics mwaka 1994. Jedwali linasema, kwa mwezi mmoja na kwa kiwango cha asilimia 95, mfuko wa kwanza una shilingi milioni 11.8 hatarini na wa pili milioni 2. Nimerudia hesabu na nimepata hivyohivyo. Kwa mfuko wa kwanza, faida ya mwezi ni 1.33, mkengeuko wa mwezi ni 9 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 12, yaani 2.60. Zidisha 2.60 kwa 1.645, namba inayowakilisha kiwango cha asilimia 95, toa 1.33, unabaki na asilimia 2.94 ya milioni 400.

Tatizo ni maneno yaliyo chini ya jedwali: "hasara kubwa kabisa inayoweza kutokea". Hapana, ndugu Mwenyekiti. Kipimo kinasema kwamba katika miezi 19 kati ya 20 hasara haitazidi hapo. Mwezi wa ishirini kimeuacha nje, na hakisemi chochote kuhusu ukubwa wake. Ushahidi uko kwenye kiambatisho chenu wenyewe. Katika miezi 36 tungetegemea mfuko wa kwanza uvuke mstari huo mara mbili hivi. Umeuvuka mara tatu, na mwezi mmoja ulishuka asilimia 6.1. Kwa fedha zetu hiyo ni milioni 24.4, zaidi ya mara mbili ya hiyo "hasara kubwa kabisa". Ndiyo maana kwenye hazina tulikuwa tukiandika pia wastani wa hasara za miezi iliyovuka mstari. Ni safu moja tu ya ziada kwenye jedwali.

Hata hivyo, hayo yote ni madogo mbele ya jambo lililonifanya nirudi kwenye kiambatisho mara ya pili. Vipimo vyote viwili vinakula chakula kimoja: mkengeuko sanifu. Ukiwa mdogo kuliko ukweli, Sharpe inavimba na VaR inasinyaa kwa wakati mmoja, na kamati inadhani imepata mashahidi wawili kumbe ni mmoja aliyesema mara mbili. Na asilimia 3 ya mfuko wa pili ni ndogo mno kwa kile kilichomo ndani.

Mfuko huo, kwa maelezo yake wenyewe, umeshika kwa wingi hatifungani za serikali za miaka 20 na 25. Hatifungani ya miaka 20 inayolipa riba ya asilimia 15, siku soko likidai 16, bei yake inashuka takriban asilimia 6. Inakuwaje basi mfuko uliojaa karatasi za namna hiyo utulie hivyo? Mara nyingi jibu ni namna ya kuthamini. Hatifungani isipouzwa sokoni kwa wiki kadhaa, meneja hana bei mpya, hivyo anatumia ya zamani na kuongeza riba iliyokwisha kujilimbikiza. Si lazima uwe udanganyifu. Kanuni za mfuko zinaweza kuruhusu. Lakini mabadiliko ya bei yanaingia kwenye thamani ya kipande polepole, mwezi baada ya mwezi, badala ya kuingia siku yalipotokea.

Dalili yake inaonekana: mwezi mzuri unafuatwa na mwezi mzuri, na mbaya na mbaya. Faida za miezi 36 zikiwa kwenye safu ya B ya Excel, kuanzia B2, andika hivi:

```
=CORREL(B2:B36,B3:B37)
```

Kwa mfuko wa kwanza nimepata 0.06, yaani mwezi uliopita haukuambii kitu. Kwa wa pili nimepata 0.5. Kwa miezi 36, bahati tu ingekupeleka hadi kwenye 0.33 hivi kwa shida. Nusu ya kila mwezi imebebwa kutoka mwezi uliotangulia.

Mzigo huo unaweza kuondolewa. Chukua faida ya mwezi, toa nusu ya faida ya mwezi uliopita, kisha gawanya kwa nusu. Kwenye kiambatisho, Februari ya mwaka wa mwisho imeandikwa 0.9 na Machi 0.3. Machi inaonekana mwezi dhaifu lakini wenye faida. Fanya hesabu: 0.3 toa 0.45 ni hasi 0.15, gawanya kwa 0.5, ni hasi 0.3. Machi ulikuwa mwezi wa hasara, na ripoti haikuuonyesha.

Ukifanya hivyo kwa miezi yote, mkengeuko wa mwaka unapanda kutoka asilimia 3 hadi karibu 5.2. Sharpe ya mfuko wa pili, kwa kiwango cha asilimia 9, inashuka kutoka 0.67 hadi 0.38. VaR ya mwezi inapanda kutoka milioni 2 hadi milioni 6.2. Makadirio haya yana mapungufu yake, kwa sababu hiyo 0.5 nayo imetoka kwenye sampuli fupi, lakini mwelekeo hauna shaka. Na kuna linalotuhusu moja kwa moja: bei ya kipande inapochelewa kushuka, anayetoka mapema analipwa kwa bei ya zamani, na tofauti wanailipa waliobaki. Sisi si wa kutoka mapema. Fedha zetu zinahitajika Januari, wazazi wanapokopa ada, na kabla ya hapo hatugusi.

Kabla ya kura naomba bodi ifanye haya. Jedwali lirudiwe kwa kiwango cha dhamana za siku 364 tulichokipata wenyewe, na maneno "hasara kubwa kabisa" yafutwe. Kila mfuko uonyeshwe pamoja na mwezi wake mbaya kuliko yote. Meneja wa mfuko wa pili aulizwe kwa maandishi ni sehemu gani ya hatifungani zake inathaminiwa kwa bei ya soko, na lini kila moja iliuzwa mara ya mwisho. Na chaguo la tatu liwekwe kwenye karatasi ya kura: kununua tena dhamana za siku 364. Mfuko wa pili unatuongezea pointi mbili tu juu ya dhamana, yaani milioni 8 kwa mwaka. Wanachama wa Kibosho, Himo na mjini wana haki ya kuona milioni 8 hizo zimeandikwa kando ya milioni 6.2 za mwezi mmoja.

Nitakuja ukumbini na kompyuta yangu. Katibu akinipa dakika 10, nitakifungua kiambatisho mbele ya wanachama na kufanya hesabu hizi zote wakiona.

Wako katika ushirika,
Mwanachama, Moshi