Mazungumzo ya Jumamosi: kazi za Iringa mjini

Shikamooni mama zangu, habari zenu dada zangu. Jumamosi saa nane, baada ya kuweka hisa, tutazungumzia kazi za ndani na za mama lishe huko Iringa mjini.

Tutaanza na dalali anayesema, "Tuma elfu ishirini ya fomu, kesho unaanza." Msitume. Wakala wa ajira haruhusiwi kisheria kumtoza anayetafuta kazi. Gharama ni ya mwajiri. Akikuharakisha, akakukataza kuzungumza na mwajiri mwenyewe kabla ya kupanda gari, achana naye.

Mwajiri wa kweli atakutajia mshahara, tarehe ya kulipa, mahali pa kulala na siku ya kupumzika. Ombeni yaandikwe, nyote wawili mtie sahihi, nawe ubaki na nakala. Hata anayelala kwa mwajiri ana haki ya mapumziko kila wiki. Kitambulisho cha NIDA akitaka, mpe kivuli. Chenyewe kaa nacho.

Mshahara ukizuiwa, nendeni kwa Afisa Kazi au CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, tena mapema, maana madai yana muda wake.

Mwenye binti anayesafiri wiki ijayo aje naye, tafadhali.