YAH: Ombi la kufungua upya lalamiko langu, ATM imenipa noti 13 risiti inasema 20

Kwa Meneja, Kitengo cha Malalamiko ya Wateja,

Salaam. Naandika hii barua kwa sababu jibu mlilonitumia jana kwa meseji halijajibu nilichouliza, na naomba isomwe na mtu anayehusika na hesabu za mashine, isiishie kwa yule anayepokea simu maana yule dada kanisikiliza vizuri tu ila hana cha kufanya zaidi ya kusoma kilichoandikwa kwenye skrini yake.

Ilikuwa Ijumaa saa 12 na dakika 40 jioni, kwenye ATM yenu wenyewe, kwa kadi yenu wenyewe. Niliomba 200,000. Mashine ikaanza kuhesabu kama kawaida, ule mlio wa noti zinapita, halafu ukakatika, ukaanza tena, ukakatika, na mara ya pili ulikuwa na sauti ya kukwaruza kama karatasi inakunjwa. Mlango wa hela ukafunguka, nikachukua, na noti ya juu kabisa ilikuwa na kona iliyochanika na imekunjwa ndani. Nikahesabu palepale: noti 13 za 10,000, yaani 130,000. Risiti ikatoka inasema 200,000, na meseji ya simu ikaingia inasema nimekatwa 200,000. Hapo kuna 70,000 yangu ambayo haiko mfukoni mwangu wala haiko kwenye salio langu.

Sikuondoka. Nilisimama palepale mbele ya kamera nikazihesabu tena moja moja nimezishika juu ili zionekane, kisha nikaipiga picha risiti pamoja na noti, na picha nyingine ya mashine ikionyesha namba yake iliyobandikwa pembeni (risiti nilijua kabisa baada ya muda yale maandishi yatafifia, karatasi zile zinachomwa na joto haziandikwi kwa wino). Sikuingiza kidole kwenye mlango wa hela wala sikuipiga piga mashine. Kijana aliyekuwa nyuma yangu nilimwomba asitoe hela pale, akakubali, ila baada ya dakika kama 10 akaja mtu mwingine akatoa na sikuweza kumzuia. Hilo la huyo mtu likumbukeni, nitalirudia. Nikapiga namba iliyoko nyuma ya kadi nikiwa bado nimesimama pale, nikapewa namba ya lalamiko, Jumatatu asubuhi nikaja tawini kujaza fomu na kuambatanisha picha zote.

Siku 7 za kazi baadaye ndio ikaja ile meseji: muamala ulifanikiwa, kumbukumbu za mashine zinaonyesha noti 20 zilitolewa, lalamiko limefungwa.

Sasa ndugu meneja, mimi miaka minne nilifanya kazi kwenye kampuni ya kusafirisha fedha, kazi yetu ilikuwa kujaza hizi mashine na kuhesabu kilichobaki, kwa hiyo najua kumbukumbu za mashine zinasema nini na hazisemi nini. Zinasema mashine iliamini imetoa noti 20. Risiti nayo ni hivyohivyo, inaandika kiasi kilichoidhinishwa, haikuhesabu mkononi kwangu. Mkinijibu kwa kumbukumbu hizo peke yake ni sawa na kumuuliza mtu uliyemtuma kama pesa kaifikisha yote, akasema ndio, mkafunga kesi.

Kinachothibitisha ni hela yenyewe iliyobaki ndani ya mashine. Ndani kuna kaseti za noti, na pembeni kuna kisanduku cha noti zilizokataliwa. Kila noti inapotoka kwenye kaseti inapita kwenye kipimo kinachoangalia unene wake, kama zimegandana mbili au imekunjwa mashine haiitoi, inaitupa kwenye kile kisanduku na kuchukua nyingine badala yake. Hapo ndipo makosa yanapozaliwa, hasa noti zikiwa chakavu au zimeungwa kwa gundi, kwa sababu inatokea noti ikahesabiwa kuwa imepita kumbe imekwama njiani au imeingia kwenye kisanduku. Ule mlio wa kukatika na kuanza tena niliousikia ndio huo, mashine ilikuwa inakataa noti na kurudia.

Kwa hiyo nilichokuwa naomba tangu Jumatatu ile ni hesabu ya ile mashine, ya mara ya kwanza ilipofunguliwa baada ya Ijumaa yangu. Ngoja niiweke kwa mfano ili isije ikasemekana sijaeleweka. Tuseme walijaza noti 2,000. Vihesabio vya mashine vinasema imetoa 1,480 na imekataa 12. Basi kwenye kaseti zinatakiwa zibaki 508 na kwenye kisanduku ziwepo 12, jumla 520 ndani ya mashine. Wanafungua, wanahesabu kwa mkono, wanakuta 527. Hizo 7 zinazozidi haziwezi kuwa za benki, kwa sababu benki imeshamkata mteja fulani hela ya noti 7 ambazo hazikutoka. Na mimi napungukiwa noti 7 hasa. Mara nyingi utazikuta kwenye kisanduku, yaani mashine inasema 12 wewe unahesabu 19, na kati ya hizo kuna moja au mbili zimekunjwa kona kama ile yangu.

Mimi kazini tulikuwa tukikuta ziada namna hiyo hatuigusi, inaandikwa kwenye fomu ya kubalansi, watu wawili wanasaini, na benki inaiweka kwenye akaunti ya kushikilia mpaka mwenyewe ajulikane. Ndio maana naumia nikiambiwa kesi imefungwa, maana inawezekana kabisa 70,000 yangu iko kwenye akaunti hiyo sasa hivi inasubiri mtu wa kuilinganisha na lalamiko langu, na kitengo kinachoshika lalamiko hakijaongea na kitengo kinachoshika hiyo fomu. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Hata wale ambao wameweka hela kwenye mashine ikazimika katikati na salio halikuongezeka, wengi hela yao inapatikana kwa njia hiyohiyo, kwenye hesabu ya kilichozidi.

Nakubali pia kwamba hesabu ikibalansi kabisa bado haimaanishi nadanganya, ila hapo lazima muangalie kwingine. Kwanza yule mtu aliyetoa baada yangu. Noti zilizokwama njiani wakati mwingine zinatoka kwenye muamala unaofuata, yaani yeye akapewa zake na zangu juu. Kama hesabu inabalansi, angalieni kamera ya muamala uliofuata. Pili kuna wezi wanaobandika kitu kwenye mlango wa hela kinachonasa noti, wakaja kuchukua baadaye, na hapo mashine itakuwa kweli imetoa noti 20 ila mimi nimefikiwa na 13. Mimi sikuona kitu chochote kimebandikwa na mlango ulifunguka wote, lakini kamera ndiyo itakayosema, sio mimi wala nyie.

Na kamera ndiyo inayonitia hofu zaidi kuliko yote. Picha za kamera hazikai milele, zinafutwa zenyewe mashine inapoandika mpya juu yake, na siku zinaenda. Kwenye fomu nilijaza muda kamili, Jumatatu ileile niliomba kwa mdomo zihifadhiwe, na hakuna aliyenithibitishia kwamba zimehifadhiwa. Naomba leo hii mtu apewe amri ya kutoa kipande cha kuanzia saa 12:35 mpaka saa 1:00 jioni ya Ijumaa ile na kukiweka pembeni, kabla hata hamjaamua kama lalamiko langu lina msingi. Kama tayari zimefutwa naomba niambiwe hivyo kwa maandishi, na tarehe zilipofutwa, kwa sababu nilikuwa nimeshaziomba.

Hili halihusishi benki nyingine yoyote. Ingekuwa nimetumia kadi yenu kwenye mashine ya benki nyingine ningeelewa mkisema mnasubiri jibu la wenzenu, maana hapo nyie mnapeleka dai na wao ndio wana mashine, kamera na hesabu. Hapa kadi yenu, mashine yenu, kamera yenu, akaunti yenu. Kila kitu kinachohitajika kujibu swali langu kiko ndani ya nyumba yenu.

Kwa hiyo naomba lalamiko lifunguliwe upya kwa namba ileile, lisifunguliwe jipya na kuanza kuhesabu siku 7 nyingine toka mwanzo. Naomba fomu ya kubalansi ya mashine ile ya ufunguzi wa kwanza baada ya Ijumaa, ioneshe zilizojazwa, zilizotoka kwa mujibu wa mashine, zilizohesabiwa kwa mkono kwenye kaseti, na zilizohesabiwa kwenye kisanduku. Sihitaji kuona miamala ya wateja wengine, hiyo sio haki yangu, nahitaji zile jumla nne tu na saini. Muamala wangu mtaupata kwa namba iliyoandikwa RRN kwenye risiti, tarakimu 12, pamoja na ile ya TERMINAL ID, zote zinasomeka vizuri kwenye picha ya risiti niliyoambatanisha. Msiutafute kwa kiasi na tarehe peke yake kwa sababu siku ile ilikuwa mwisho wa mwezi na waliotoa 200,000 pale lazima ni wengi.

Na kama ziada ipo, hata kama haikulingana kamili, tuseme mmekuta 5 au 9, bado msinijibu kwamba hailingani. Kati ya kujaza na kufungua mashine inaweza kukosea kwa zaidi ya mteja mmoja. Pitieni kumbukumbu za muda ule, mtaona kwenye muamala wangu mashine ilikataa noti mara ngapi, kisha angalieni kama kuna mwingine aliyelalamika kipindi hichohicho.

Jibu nalitaka kwa barua au barua pepe, lenye jina la kitengo kilichohesabu, sio meseji ya mstari mmoja. Nawapa siku 10 za kazi kuanzia leo mtakapogonga muhuri nakala yangu. Zikipita bila hizo jumla nne, barua hii na picha zote nazipeleka kwa msimamizi wa mabenki pamoja na ile meseji ya kufunga kesi, na nitamuomba yeye aiombe hiyo fomu.

Ada ya kutolea hela niliyokatwa siku ile nayo naidai, ni ndogo lakini ilikatwa kwa huduma ambayo haikukamilika.

Nashukuru kwa kusoma mpaka hapa, namba yangu ya simu ni ileile iliyoko kwenye fomu na napatikana muda wote wa kazi, mkitaka nije kuitambua video niiteni tu hata kesho.

Wenu,
Mteja (jina na namba ya akaunti ni kama zilivyo kwenye fomu ya lalamiko)

Viambatanisho: picha ya risiti na noti, picha ya namba ya mashine, nakala ya meseji ya kukatwa, nakala ya meseji ya kufunga lalamiko.